Nani Anapanga Bei ya Dhahabu ya Leo?

Kata ya Ipelele, wilayani Makete, inajulikana kwa viazi na pareto, si kwa dhahabu. Soko la dhahabu lililo jirani liko Chunya, ng'ambo ya Mbeya. Hata hivyo wanafunzi wa sekondari walioandaliwa mada hii wana sababu ya kuuliza bei ya dhahabu inatoka wapi, kwa sababu majibu wanayoyasikia mitaani yanapishana mno. Yuko anayesema inapangwa na serikali, yuko anayesema inapangwa na matajiri wa Ulaya, na yuko anayesema kila mnunuzi anajipangia yake. Hoja yangu ni kwamba hakuna anayeipanga kwa maana ya kuiamuru. Bei ya siku hutafutwa kwa kujaribu, mara moja baada ya nyingine, mpaka kiasi kinachotakiwa kuuzwa na kiasi kinachotakiwa kununuliwa vikaribiane. Na wanaoisukuma kupanda au kushuka si wachimbaji hasa, bali ni wale ambao dhahabu tayari wanayo. Mchimbaji wa Chunya haamui bei hiyo. Anachoweza kukipigania ni hesabu inayofanyika baada yake, na hesabu hiyo ina fedha nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Tuanze na mahali bei inapotafutwa. Tarehe 12 Septemba 1919 mabenki na wafanyabiashara wachache wa London walianza utaratibu wa kukubaliana bei moja ya dhahabu kwa siku, na siku hiyo ya kwanza wakia moja ilitoka kwa pauni 4, shilingi 18 na peni 9. Wakia inayotumika kwa madini ya thamani ni gramu 31.1035, tofauti na ile ya kupimia vyakula yenye gramu 28 na ushee. Kwa miaka mingi wawakilishi wa makampuni matano walikutana katika chumba kimoja kwenye benki ya Rothschild. Kuanzia mwaka 2004 wakawa wanafanya kwa simu. Tangu tarehe 20 Machi 2015 kazi hiyo inafanyika kwa mnada wa kompyuta unaosimamiwa na kampuni ya ICE Benchmark Administration, na bei inayopatikana huitwa LBMA Gold Price. Mnada unafanyika mara mbili kila siku ya kazi, saa nne na nusu asubuhi na saa tisa alasiri kwa saa za London. Kwa saa zetu ni saa saba na nusu mchana na saa kumi na mbili jioni London ikiwa katika majira ya baridi, na saa moja kabla ya hapo katika majira yao ya kiangazi.

Mnada huu haufanani na ule wa ng'ombe au wa mali za mkopaji aliyeshindwa kulipa, ambapo watu hupandishiana dau na mwenye dau kubwa akaondoka na mali. Hapa bei hutangazwa kwanza, kisha kila mshiriki, ambaye kwa kawaida ni benki kubwa yenye maagizo yake na ya wateja wake, anaandika atanunua wakia ngapi na atauza wakia ngapi kwa bei hiyo. Ana sekunde 30 za kuandika. Zikiisha, kompyuta inajumlisha manunuzi yote upande mmoja na mauzo yote upande wa pili. Tuchukue mfano wa kutunga. Bei ya kuanzia ni dola 3,000 kwa wakia, na kwa bei hiyo wanunuzi wanataka wakia 90,000 ilhali wauzaji wanatoa 60,000. Pengo ni 30,000, na kwa kawaida mnada haufungwi mpaka pengo lisizidi wakia 10,000. Kwa kuwa wanaotaka ni wengi kuliko wanaotoa, bei inapandishwa hadi 3,002 na duru ya pili inaanza. Safari hii baadhi ya wanunuzi wanapunguza na baadhi ya wauzaji wanavutiwa: 80,000 dhidi ya 65,000. Pengo la 15,000 bado ni kubwa. Bei inapelekwa 3,003, wanunuzi wanabaki na 76,000 na wauzaji wanafika 68,000. Pengo sasa ni 8,000, mnada unafungwa, na wakia hizo 8,000 zilizokosa muuzaji zinagawanywa sawasawa kwa washiriki wote, kila mmoja abebe sehemu yake. Dola 3,003 ndiyo bei ya mchana huo, na wote walionunua na kuuza katika mnada wanalipana kwa bei hiyo hiyo moja.

Yapo mambo mawili ambayo mwanafunzi asiyapite haraka. La kwanza, bei ya kuanzia haiokotwi hewani. Dhahabu inauzwa na kununuliwa saa zote za siku za kazi, London, New York, Shanghai, Dubai, na bei ya kuanzia huchukuliwa kutoka kwenye mauzo yanayoendelea dakika ile. Mnada unapiga muhuri kwenye bei ambayo tayari inatembea, ili benki kuu, kiwanda cha kusafisha na mchimbaji mkubwa wawe na namba moja ya kuandika katika mikataba yao. La pili, mkutano wa wanunuzi na wauzaji ulioonekana katika mfano si mkutano wa watu wawili waliozaliwa mmoja muuzaji na mwingine mnunuzi. Benki iliyouza kwa 3,003 huenda ingenunua kwa 2,990. Upande ambao mtu anasimama unategemea bei yenyewe, na hapa ndipo dhahabu inapoachana na mazao ya shambani.

Dhahabu haiozi wala haitumiki ikaisha. Karibu yote iliyowahi kuchimbwa tangu enzi za Mafarao bado ipo, ikiwa vito, sarafu na mitofali katika maghala ya mabenki. Baraza la Dhahabu la Dunia linakadiria jumla yake kuwa zaidi ya tani 210,000. Migodi yote ya dunia kwa mwaka mzima huongeza kama tani 3,600, yaani chini ya asilimia 2 ya kilichopo, na Tanzania, pamoja na Geita, Bulyanhulu, North Mara na wachimbaji wadogo wote, inatoa takriban tani 50 hadi 60. Ukiziangalia namba hizi kwa makini unaona kwa nini mgodi ukifungwa au ukifunguliwa bei ya dunia haishtuki. Bibi mwenye bangili huko India, benki kuu yenye mitofali chini ya ardhi, mwekezaji mwenye hati ya mfuko wa dhahabu, wote hao kila siku wanaamua kuuza au kutouza, na anayeamua kutouza ameipunguza dhahabu sokoni sawa na yule anayenunua. Bei ya siku ni ile inayowafanya wenye tani 210,000 waendelee kuzishika, wachache wakitoka na wachache wakiingia.

Ushahidi ulio wazi wa jambo hili ni wa mwaka 1999. Tarehe 7 Mei mwaka huo serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba itauza zaidi ya nusu ya akiba yake ya tani 715. Siku ile hapakuuzwa hata gramu moja ya dhahabu hiyo. Mnada wa kwanza ulikuwa Julai. Lakini bei, iliyokuwa juu ya dola 280 kwa wakia, ilianza kuteremka mara moja na kufika Julai ilikuwa karibu na dola 253. Wenye dhahabu walijiuliza kama benki kuu nyingine zitafuata, wakaona heri wauze mapema. Kisha tarehe 26 Septemba benki kuu za Ulaya zilitia saini makubaliano ya Washington ya kuweka kikomo cha mauzo yao ya kila mwaka. Safari hii pia hakuna mgodi uliofungwa, hakuna tofali la dhahabu lililobadili ghala, ila ndani ya kama wiki mbili bei ilivuka dola 320. Kilichobadilika ni nia ya wenye akiba. Miaka ya karibuni upepo umegeuka upande wa pili: mwaka 2022, 2023 na 2024 benki kuu za dunia zilinunua zaidi ya tani 1,000 kila mwaka, na bei iliyokuwa chini ya dola 2,000 mwanzoni mwa kipindi hicho ilivuka dola 3,000 mwezi Machi 2025.

Atakayenisikiliza mpaka hapa ana haki ya kupinga. Kama benki chache tu ndizo zinazoingia mnadani, kwa nini zisikubaliane kutuibia? Pingamizi hili si la kubezwa, maana wizi wa aina hiyo umewahi kutokea na kuthibitishwa. Tarehe 28 Juni 2012 mfanyabiashara wa benki ya Barclays alikuwa na mkataba na mteja: bei ya alasiri ikifika juu ya dola 1,558.96, benki imlipe mteja dola milioni 3.9. Bei ilipokuwa inatafutwa na kuelekea juu ya mpaka huo, aliingiza agizo kubwa la kuuza ili kuirudisha chini, na ikafungwa kwa dola 1,558.50. Benki haikulipa. Mteja alilalamika siku hiyo hiyo, kwa sababu mwenendo wa bei ulionekana haueleweki, na Mei 2014 mamlaka ya udhibiti ya Uingereza iliitoza Barclays faini ya pauni milioni 26. Mwaka uliofuata utaratibu wa zamani wa simu ukaondolewa na mnada wa sasa, unaoacha kumbukumbu ya kila agizo la kila duru, ukachukua nafasi yake.

Tazama ukubwa wa wizi wenyewe. Mtu aliyekuwa ndani kabisa ya mfumo, mwenye fedha ya benki nyuma yake, aliisogeza bei chini kidogo tu kwa dakika chache. Faida yake ilitoka kwenye mkataba wa pembeni, si kwenye dhahabu. Asingeweza kuishikilia chini kwa wiki, kwa kuwa bei ya London ikiwa chini kuliko ya New York au Shanghai, kuna watu ambao kazi yao ni kununua kule kulikoshuka na kuuza kule kulikopanda, na ununuzi wao wenyewe unairudisha juu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 tuliona hilo kwa macho. Hofu ya ushuru wa Marekani ilifanya bei ya mikataba ya New York ipande juu ya ile ya London, na mara dhahabu ikaanza kusafirishwa kwa ndege kuvuka Atlantiki, mitofali mikubwa ya wakia 400 ikipitia Uswisi kuyeyushwa kuwa ya kilo moja inayokubalika New York. Foleni ya kutoa dhahabu Benki Kuu ya Uingereza ilifika wiki kadhaa. Kwa hiyo jibu langu kwa mwenye pingamizi ni hili: bei ya dakika moja inaweza kuchezewa, na imechezewa; bei ya mwezi mzima haichezeki kirahisi namna hiyo.

Sasa tushuke Chunya. Kwa nini bei ya huko ifuate ya London wakati bei ya kiazi cha Ipelele haifuati ya kiazi cha popote? Gunia la viazi ni zito na bei yake ni ndogo, hivyo nauli ya lori hadi Makambako na kuendelea Dar es Salaam inakula sehemu kubwa ya thamani yake, barabara ikiharibika kwa mvua viazi vinabaki shambani, na vikikaa vinaoza. Mwenye lori analijua hilo, na mkulima anakubali bei aliyopewa. Dhahabu ya milioni kumi inaingia mfukoni. Gharama ya kuifikisha Dubai au Uswisi ni sehemu ndogo sana ya thamani yake, na mwenye nayo akiona bei haimfai anaweza kungoja mwezi mzima bila kupoteza gramu. Ndiyo maana bei ya Chunya haiwezi kuachana mbali na ya dunia, ilimradi wanunuzi ni wengi na taarifa ziko wazi. Masharti hayo mawili hayakuwapo zamani, mnunuzi alipomfuata mchimbaji kwenye duara au kwenye mwalo na mizani yake mwenyewe. Masoko ya madini yaliyoanza Machi 2019 kule Geita, na Chunya Mei mwaka huo, yaliwaleta wanunuzi wenye leseni chini ya paa moja pamoja na maofisa wa Tume ya Madini, na bei elekezi inayofuata soko la dunia ikawa inatangazwa. Anayesema serikali ndiyo inayopanga bei anachanganya hapa: Tume inaitangaza bei iliyokwisha kupatikana kwingine, haiizalishi.

Tufanye hesabu ya kipande cha gramu 50 kilichochomwa vizuri, zebaki ikaisha, chenye usafi wa asilimia 88. Sehemu kubwa ya asilimia 12 zilizobaki kwa kawaida ni fedha, ile metali nyeupe. Chukua bei ya mfano ya dola 3,000 kwa wakia, gawanya kwa 31.1035, unapata dola 96.45 kwa gramu ya dhahabu halisi. Zidisha kwa 0.88, unapata dola 84.88 kwa gramu ya kipande hiki. Dola ikiwa shilingi 2,600, gramu moja ni kama shilingi 220,700, na kipande kizima ni kama shilingi 11,034,000. Mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 ni shilingi 772,000 hivi, mbali na ushuru wa halmashauri na kodi ya mapato. Kisha mnunuzi naye anakata chake, kwa sababu atalipia usafishaji na usafiri, na kwa sababu bei inaweza kushuka kabla hajauza. Makato yake ndiyo sehemu pekee ya hesabu hii inayojadilika kwa mdomo, na ushindani wa wanunuzi ndio unaoyapunguza.

Lakini fedha kubwa hupotea penye usafi. Tuseme mnunuzi ameandika asilimia 85 badala ya 88. Pointi tatu zinaonekana si kitu, ila kwa kipande hiki ni shilingi 376,000. Ili mchimbaji apoteze kiasi hicho kwa sababu ya London, bei ya dunia ingebidi ishuke zaidi ya dola 100 kwa wakia, anguko ambalo lingetangazwa kwenye taarifa ya habari ya dunia nzima. Kwenye mizani ya soko halitangazwi. Mashine ya miale inayotumika sokoni inasoma tabaka la juu tu la kipande, hivyo uchafu wa juu au mchanganyiko usiokolea sawasawa hubadilisha jibu. Ni haki ya muuzaji kuomba kipande kisafishwe na kipimwe pande zote mbili. Darasa la fizikia linaweza kukagua kwa maji. Kwa kuwa dhahabu ina uzito wa gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo na fedha ni 10.5, kipande cha gramu 50 chenye asilimia 88 za dhahabu na 12 za fedha kikining'inizwa ndani ya maji kitapungua uzito kwa gramu 2.85. Chenye asilimia 85 kitapungua kwa 2.92. Tofauti ni gramu 0.07 hivi, kwa hiyo mizani isiyosoma hadi sehemu ya mia ya gramu haifai kitu hapa, na kiputo kimoja cha hewa kikiganda kwenye kipande kitakifanya kionekane kichafu kuliko kilivyo. Kama ndani kuna shaba badala ya fedha, jibu linabadilika tena. Kipimo cha uhakika ni cha kuyeyusha maabara, na kwa mzigo mkubwa gharama yake inajilipa.

Sehemu ya mwisho ni shilingi. Robo ya mwisho ya mwaka 2024 inafundisha kuliko maelezo mengi. Dhahabu iliianza robo ile karibu na dola 2,630 kwa wakia na kuimaliza karibu na 2,610, yaani ilikaa palepale. Katika miezi hiyo hiyo shilingi yetu ilipata nguvu, dola ikatoka takriban shilingi 2,700 hadi karibu 2,400. Mchimbaji aliyeuza Desemba alipokea kama asilimia 11 au 12 pungufu ya aliyeuza Septemba kwa kipande kilekile, na wengi wakalaumu wanunuzi. Wanunuzi hawakuwa wamefanya lolote. Ndani ya kipindi hicho, kuanzia Oktoba 2024, wauzaji wa nje nao walianza kutakiwa kutenga asilimia 20 ya dhahabu kwa ajili ya viwanda vya ndani na Benki Kuu ya Tanzania, ambayo hununua kwa mrabaha wa asilimia 4 bila ada ya ukaguzi. Kwa kipande chetu cha mfano unafuu huo ni asilimia 3, kama shilingi 331,000, kwa bei ileile ya dunia. Benki Kuu yetu inaponunua hivyo inaingia katika kundi lile la wenye akiba wanaoshika dhahabu wasiiuze, na kwa kiasi chake kidogo nayo inahesabika London saa kumi na mbili jioni.

Anayetaka kujua kama ametendewa haki achukue alicholipwa kabla ya tozo, agawanye kwa thamani iliyopatikana kwa hesabu ya juu akitumia bei ya mnada wa karibuni na kiwango cha dola cha siku hiyo. Jibu likiwa 0.97, mnunuzi amechukua asilimia 3. Likiwa 0.90, kitu kimoja kati ya vinne hakiko sawa: uzito, usafi, kiwango cha dola au makato. Vitatu vya kwanza vinaweza kupimwa au kusomwa upya hapohapo mezani, kabla dhahabu haijabadilisha mikono. Jumamosi na Jumapili hakuna mnada, na mnunuzi anayelipa siku hizo kwa bei ya Ijumaa anabeba hatari ya kitakachotokea Jumatatu; atakata zaidi kidogo, na muuzaji asiye na haraka anaweza kungoja.